Watoto mbele ya kamera: dhana potofu kuhusu filamu fupi za shuleni

Dhana: Mtoto akishakariri mistari yake, kazi kubwa imekwisha.

Mtoto wa miaka tisa aliyekaririshwa nyumbani huja na maneno pamoja na mahadhi ya dada yake aliyemfundisha. Mwongozaji akimrekebisha, neno hubadilika na mahadhi yanabaki. Ni heri asimuliwe kisa kwa mdomo siku ile ile ya kurekodi, kisha apewe jambo la kufanya.

Tuchukue filamu ya dakika sita katika shule ya msingi nchini Kenya. Msichana wa gredi ya nne amemwona rafiki yake akificha rula ya mwalimu. Onyesho gumu kuliko yote halina neno: mwalimu anauliza nani ameichukua, naye anasita. Ukimwambia aonyeshe wasiwasi, atakunja uso na kutumbua macho kama katuni. Mketishe kwenye dawati, kamera imwelekee usoni, na mtu mmoja akae ubavuni mwa lenzi acheze naye nyama nyama, ule mchezo wa kutajiwa wanyama ambapo mtoto hujibu "nyama" kwa anayeliwa na hunyamaza kwa asiyeliwa. Badilisha sheria moja tu: asijibu kwa mdomo, bali agonge dawati kwa kidole. Nyama ya ng'ombe, anagonga. Ya mbuzi, anagonga. Ya kinyonga! Kile kitambo kati ya kusikia na kukizuia kidole ndicho kusita unakokutafuta. Sauti ya mchezo hutupwa wakati wa kuhariri, na swali la mwalimu hurekodiwa peke yake baadaye.

Mtoto aambiwe mapema kwamba uso huo utatumika wapi katika kisa. Kujua hakuharibu mchezo, maana kinyonga humshtua vilevile. Kinachouharibu ni kurudiarudia. Baada ya raundi chache ataanza kutabasamu kabla hajaulizwa, au atakuangalia kila akigonga ili ajue kama amepatia. Hapo tafuta mchezo mwingine. Wala usitarajie mchezo ubebe mazungumzo marefu; unafaa pale mtoto anaposikiliza, anapongoja au anapoficha kitu.

Dhana: Rudia mpaka itoke sawasawa.

Kwa mtu mzima, labda. Kwa mtoto, teki ya kwanza hadi ya tatu huwa na uhai, na zinazofuata huwa nakala zake. Onyesho la ukurasa mmoja likatwe vipande vya sekunde 20 au 30, kila kipande kikiwa na tendo moja: kuiona rula, kugeuza macho, kufunga daftari. Picha za karibu za mtoto zipigwe asubuhi angali mchangamfu. Picha za mbali na zile za mwalimu zingoje, kwani mwalimu hachoki kwa kasi hiyo.

Usipige kelele ya kuanza. Washa kamera mchezo ukiendelea, na mtoto akikosea usiizime, mwambie tu, "Tena, kuanzia rula." Vidole vikianza kusokota kola ya shati, ni wakati wa uji.

Vipande vifupi vina gharama yake wakati wa kuhariri, kwa sababu mtoto hashiki kitu kwa mkono ule ule mara mbili. Chagua kitu kimoja kisichobadilika, mathalani rula ikae kushoto kwa daftari, na umpe mtu mmoja kazi ya kukichunga hicho tu. Mengine yaache.

Dhana: Ili alie, lazima umtishe.

Si kweli, na ni ukatili. Mpige picha kwa mgongo, uso mikononi, mabega yakipanda kwa pumzi. Kwikwi zirekodiwe kando. Mtazamaji atajaza mengine.

Dhana: Mwalimu mkuu akikubali, ruhusa imepatikana.

Mwalimu mkuu anaweza kukufungulia darasa, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi yenyewe yalinde maslahi ya mtoto. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Fomu iandikwe kwa lugha ambayo nyanya anayemlea mtoto anaisoma. Itaje kisa, siku na saa za kurekodi, mtu mzima atakayekaa na mtoto, mahali filamu itakapoonyeshwa (ukumbi wa shule na mtandaoni ni idhini mbili tofauti), kama jina lake litatajwa, na namna ya kujiondoa. Kisha mtoto mwenyewe aulizwe, mzazi akiwa hayupo karibu, maana mbele ya mama wengi husema ndiyo.

Wasio na fomu, wakiwemo wale wa dawati la nyuma wasioigiza chochote, wahamishiwe upande wa nyuma ya kamera kabla haijawashwa. Kuziba nyuso zao wakati wa kuhariri ni kazi ya usiku kucha, na daima kuna uso mmoja unaoponyoka.