Kliki 187, wateja wangapi?

Dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alinipigia Jumapili asubuhi, sauti imemkaa vibaya. Jana yake, saa 2 usiku, alikuwa ametangaza mzigo mpya kwa linki fupi niliyomtengenezea. Dashibodi ilimwonyesha kliki 187, oda zilikuwa 9. "Kaka, watu wanaingia halafu wanatoka. Nishushe bei?" Nilimwomba asiguse bei mpaka nimalize kusoma zile kliki moja moja.

Nilianza na saa. Dashibodi nyingi huandika muda wa UTC, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa 2 usiku ya Dar inasomeka 17:00. Nilipakua faili la CSV nikaangalia safu ya `User-Agent`, yaani jina ambalo kila programu hujitambulisha nalo inapogonga linki. Kazi yenyewe iko kwenye safu hiyo.

Ukibandika linki Facebook, kabla binadamu yeyote hajaiona, seva zao huifungua ili zichukue picha na kichwa cha habari vinavyotokea chini ya posti. Kwenye faili ziara hiyo inaitwa `facebookexternalhit`, na nchi yake iliandikwa Marekani. Telegram nayo hutuma `TelegramBot`. Za Facebook zilikuwa 23, za Telegram 6.

WhatsApp ina tabia yake. Ile picha ndogo huandaliwa na simu ya mtumaji wakati anabandika linki, si ya anayepokea. Kwa hiyo kliki iliyoandikwa `WhatsApp/2.` na kufuatiwa na namba za toleo inatoka hapa hapa Tanzania, na ukichuja kwa nchi peke yake itakupita. Tulikuwa nazo 19. Zile si wasomaji 19. Ni mara ambazo yeye na vijana wake wa dukani walibandika linki kwenye magrupu. Msomaji akiigusa, inafunguka kwenye kivinjari cha simu yake, na faili linaandika Chrome au Safari, jina la WhatsApp halipo. Vilevile ukiona `FBAN` au `FBAV` usifute: huyo ni mtu halisi aliyeko ndani ya programu ya Facebook.

Kuziorodhesha zote kwa pamoja natumia amri hii:

```
grep -Ei 'bot|externalhit|WhatsApp/' kliki.csv | grep -vi 'cubot'
```

Kipande cha mwisho kipo kwa sababu kuna simu zinaitwa Cubot, na neno "bot" limo ndani ya jina lao. Bila kipande hicho unamhesabu mwenye simu hiyo kuwa roboti.

Zilizonisumbua ni 41 zilizoingia kati ya 17:04 na 17:06. Zote zilijiita Chrome ya Windows, zote zilitoka kwenye vituo vya data vya nje. Nilimuuliza alifanya nini dakika hiyo, akasema alituma barua pepe kwa wateja wake wa maofisini. Basi jibu likapatikana. Mifumo ya usalama ya barua pepe za ofisi hufungua kila linki kukagua kama ina virusi, na hujificha kwa jina la kivinjari cha kawaida, kwa hiyo amri ya juu haiwezi kuzikamata. Kinachozifichua ni kasi: hakuna watu 41 wanaofungua barua ya vitenge kwa dakika mbili usiku wa Jumamosi, wote wakiwa kwenye kompyuta.

Toa 23, 6, 19 na 41, zinabaki 98. Usikimbilie kuzipunguza kwa kuhesabu anwani za IP, maana mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na utawaunganisha wanunuzi watano kuwa mmoja. Mimi nililinganisha na kaunta iliyo kwenye ukurasa wa duka, ambayo huhesabu pale tu JavaScript, yaani msimbo wa ukurasa, inapokimbia ndani ya kivinjari. Ilikuwa na 81. Zile 17 za katikati sizigawi kwa kubahatisha: wengine ni watu ambao bando lilisuasua wakafunga kabla ukurasa haujafunguka, wengine huenda ni roboti waliojificha vizuri.

Oda 9 kwa ziara 81 ni kama moja kwa kila tisa. Nilimwambia bei aiache ilivyo.

Jumamosi iliyofuata tulitengeneza linki tofauti kwa Facebook, Telegram, WhatsApp na barua pepe. Ndani ya barua pepe niliongeza linki nyingine ya mtego, imewekwa kwenye nukta moja nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Mtu haioni. Linki ya duka na ile ya mtego zikigongwa sekunde ileile kutoka anwani moja, kliki zote mbili nazifuta.