Kilima cha chokaa: kusoma mchoro wa nishati ya mmenyuko

Beseni lilikuwa la plastiki, na kosa lilikuwa langu. Fundi mmoja anayekarabati nyumba za zamani huku Mji wa Kale alinipa kama kilo moja ya mabonge ya chokaa iliyotoka tanuuni, ambayo haijaguswa na maji. Nilitaka wanafunzi wangu waone kwa macho mmenyuko unaotoa joto. Nikamimina nusu lita ya maji. Mwanzo hapakutokea lolote, nami nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Kisha mabonge yakaanza kulia kama mafuta kwenye karai, yakapasuka, mvuke ukapanda, na beseni likalegea upande mmoja hadi likalala mezani.

Jioni nilipomsimulia fundi alicheka sana. "Mwalimu, chokaa hutiwa maji shimoni au kwenye pipa la chuma. Na macho je, mliyakinga?" Tulikuwa tumevaa miwani, angalau hilo nililikumbuka. Chokaa ikiruka jichoni huchoma.

Siku ile mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo limenifaa kuliko kitabu chochote: "Mwalimu, chokaa imepata moto bila kibiriti. Makaa yana moto mkali zaidi, mbona yanakaa guniani mwaka mzima hayawaki?" Jibu lake limo kwenye mchoro ambao watahiniwa wengi huuchora vizuri kisha wakausoma vibaya.

Tuanze na jiwe lenyewe, kwa sababu chokaa ya pwani asili yake ni matumbawe. Kuta za Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ili kuipata chokaa hiyo, watu walipanga mawe juu ya rundo la kuni, wakalichoma, na rundo hilo ndilo linaloitwa tanuu. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati, na ndani ya moto hutokea hivi:

CaCO3 → CaO + CO2

Chukua karatasi. Chora mstari wa wima, huo ni wa nishati, kwa kilojuli kwa kila moli. Chora wa kulala, huo ni mwendo wa mmenyuko. Hapa nisimame kidogo: mstari wa kulala si saa. Hauonyeshi dakika wala siku. Unaonyesha tu umefika wapi katika safari ya kutoka jiwe hadi chokaa. Mchoro wenye kilima chembamba hauna maana kwamba mmenyuko ni wa haraka.

Upande wa kushoto weka kistari kwenye 50. Hapo ndipo jiwe lilipo. Panda kilima hadi 250, kisha shuka kidogo hadi 228, uweke kistari cha kulia. Hapo ndipo zilipo chokaa na hewa ya ukaa.

Sasa soma. Nishati ya kuamilisha, yaani ile ambayo chembe lazima ziwe nayo ndipo zivuke kilima, ni kiasi gani? Wengi huandika 250, kwa kuwa ndiyo namba iliyo kileleni. Si sahihi. Kilima hupimwa kutoka pale unaposimama, na jiwe limesimama kwenye 50. Kwa hiyo ni 250 − 50 = 200. Hiyo 50 niliichagua mimi, ningeweza kuandika 0 au 1,000. Ukitaka kujua kama umesoma sawasawa, sogeza mchoro wote juu kwa 100 kisha usome upya. Jibu likibadilika, ulikuwa unapima kutoka sakafuni.

Kipimo cha pili, cha joto linalofyonzwa au kutolewa, nacho huanzia kwenye kistari kilekile cha kushoto, ila huishia kwenye kistari cha kulia: 228 − 50 = 178. Ni chanya, maana tumeishia juu kuliko tulikoanzia. Mmenyuko umefyonza joto. Hiyo 178 ndiyo thamani halisi ya mmenyuko huu. Ile 200 ya kilima nimeichukua kwa kuwa inakaribiana na vipimo vingi, lakini vipimo vya kilima hiki hutofautiana kulingana na ukubwa wa vipande vya mawe na hewa ya ukaa iliyoyazunguka, kwa hiyo usiikariri.

Hata bila kupima, kuna jambo moja la kilima hiki ninaloweza kuliapia: hakiwezi kuwa kifupi kuliko 178. Ikiwa unakwenda mahali palipo juu kwa 178, huwezi kufika kwa kupanda 150. Mmenyuko wa kufyonza joto hauwezi kuwa na nishati ya kuamilisha iliyo ndogo kuliko joto unalofyonza. Mwanafunzi akiniletea mchoro ambao kilima chake hakifiki hata kwenye kistari cha kulia, sihitaji kuangalia hesabu yake.

Tazama pia safari ya kurudi. Kutoka 228 hadi kileleni ni 22 tu. Maana yake chokaa na hewa ya ukaa zikiachwa pamoja kwenye joto zinaweza kurudiana kuwa jiwe kwa wepesi, ndiyo maana mchomaji huacha mianya kwenye tanuu ili hewa ipite na kuibeba ile hewa ya ukaa iliyotoka kwenye mawe. Ikibanwa ndani, kazi yote inarudi nyuma.

Na moto je, unafanya nini? Wengi husema moto unakishusha kilima. Kilima hakishuki. Moto huongeza idadi ya chembe zenye nguvu ya kukivuka. Kwa kilima cha 200, ukilinganisha nyuzi 28 za mchana wa Mombasa na nyuzi 900 za tanuu, sehemu ya chembe zinazoweza kuvuka huongezeka kwa namba yenye tarakimu 26. Ukuta wa matumbawe unapigwa na jua mamia ya miaka na haugeuki chokaa. Kinachokishusha kilima ni kichocheo, ambacho hutoa njia nyingine yenye kilele cha chini. Vistari viwili vya mwisho havisogei hata kidogo, kwa hiyo joto linalotolewa au kufyonzwa linabaki vilevile.

Sasa lile beseni. Chokaa ikikutana na maji:

CaO + H2O → Ca(OH)2

Chora vianzio kwenye 100 na zao kwenye 35. Tofauti ni 35 − 100 = −65. Hasi, tumeishia chini, joto limetoka. Kilima kipo hapa pia, kutoa joto hakumaanishi kusamehewa kilima, lakini ni kifupi kiasi kwamba joto la kawaida la darasani linatosha kuanza kukivuka. Kilo moja ya chokaa safi ni karibu moli 18, na moli 18 zikitoa kilojuli 65 kila moja unapata kama kilojuli 1,160. Joto hilo lingechemsha zaidi ya lita tatu za maji ya bomba. Mimi nilitia nusu lita, tena sehemu yake kubwa ikamezwa na chokaa yenyewe. Beseni lingeponea wapi?

Makaa nayo yameishia chini zaidi. Kaboni ikiungua hadi kuwa hewa ya ukaa hutoa kilojuli 394 kwa moli, mara sita ya chokaa. Lakini kilima chake ni kirefu. Ndiyo maana unahitaji kibiriti, mafuta ya taa kidogo na mkono wa kupepea jiko. Nikamwambia yule mwanafunzi aweke michoro miwili ubavu kwa ubavu. Yote inashuka kulia. Wa makaa unashuka mbali ila umefungwa na kilima kirefu, wa chokaa unashuka kidogo ila kilima ni kifupi. Kiasi cha joto kitakachotoka kinasomwa kwenye vistari vya mwisho, na kama utahitaji kibiriti kinasomwa kileleni. Huwezi kulikisia moja kwa kulitazama jingine.

Akauliza tena, na hili nililipenda: "Basi makaa yakishashika mbona sirudii kibiriti, na tanuu mchomaji anaongeza kuni?" Fuata mteremko. Kaboni ikishavuka kilele inarudisha yote iliyokopa kupanda, na 394 juu yake. Hiyo inatosha kuwapandisha majirani. Jiwe likikopa 200 linarudisha 22 tu, ule mteremko mfupi wa kulia. Deni la 178 lazima lilipwe na kuni, moli baada ya moli. Kwa hesabu kavu, gramu 100 za jiwe zinahitaji kaboni kama gramu tano na nusu, lakini kwenye tanuu la wazi kuni huenda nyingi kuliko hapo, kwa kuwa joto linapasha mawe yote na lingine linaondoka na moshi. Moto ukizimika mapema, bonge linatoka jeupe nje na jiwe bichi ndani. Ukilitia maji, ganda linafumuka na kiini kinabaki kigumu.

Kuna kasoro nyingine ambayo mchoro hautakuambia. Mawe yakichomwa kupita kiasi, chokaa inakazana, vitundu vyake vinaziba, na maji yanapenya polepole. Ni mmenyuko uleule, vistari vilevile, lakini punje hizo hukawia. Fundi akipaka ukuta kabla hazijamaliza kunywa maji, zinafura baadaye ndani ya plasta na kurusha vipande vidogo, ukuta unabaki na mashimo kama ya ndui. Ndiyo maana mafundi huiacha chokaa ilale majini siku nyingi.

Ukuta ukishapakwa, chokaa inaanza kuvuta hewa ya ukaa kutoka hewani:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Huu unatoa kilojuli 113, na bado hakuna aliyewahi kuungua kwa kuegemea ukuta mpya, maana hewa inaingia kidogo kidogo na kazi inachukua miezi. Rudi kwenye karatasi ya kwanza uiunganishe safari nzima, ukihesabu pia maji na hewa ya ukaa katika kila kituo. Jiwe kwenye 50, tanuu ikalipandisha hadi 228, maji yakaishusha chokaa kwa 65 hadi 163, na ukuta ukaishusha kwa 113. Toa 113 kwenye 163 uone umefika kwenye kistari gani.