Kabla hujanunua kioo kipya cha laptopu

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba aliniletea laptopu yake akiwa ameshatajiwa kwingine bei ya kioo kipya. "Fundi, kioo kinakufa," alisema, na kweli dirisha la programu yake ya ujumbe lilikuwa likigeuka jeusi, kisha maandishi yanarudi yamekatika vipande. Nilipiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, nikaifungua kwenye simu yangu, na vile vipande vilikuwemo. Ubovu wa kioo au wa waya wake hauwezi kuingia katika picha hiyo, kwa kuwa kompyuta huichukua kabla haijapeleka chochote kwenye kioo. Picha ingetoka safi, nisingekiondolea kioo lawama.

Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager. Memori ilikuwa ya gigabaiti 4 na asilimia 88 ilishatumika, ingawa mama hakuwa amefungua kitu. Programu ile ilijiwasha pamoja na Windows na kushikilia karibu megabaiti 500, imegawanyika katika michakato mitano, kwa sababu imejengwa juu ya Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, ambayo huweka mchakato mmoja wa kuchora, mwingine wa dirisha, mwingine wa mtandao. Alama ya X haikuwa ikiizima. Ilikuwa ikiificha tu kando ya saa. Katika orodha ya Startup apps niliichagulia Disable, nikaiwasha upya kompyuta, na memori ikashuka hadi asilimia 70. Hata hivyo, mama alipoifungua programu mwenyewe, weusi ulirudi. Basi memori haikuwa chanzo cha weusi.

Iliyobaki ni uchoraji. Kwa kawaida programu za aina hii huiachia chipu ya michoro kazi ya kuchora, na draiva inayoiendesha chipu hiyo ikiwa ya zamani, huweza kuchora ovyo. Sipendi kubadilisha mpangilio kabla ya kujaribu, kwa hiyo niliongeza neno hili la kuizuia chipu isichore, baada ya nafasi moja, mwishoni mwa kisanduku cha Target cha njia ya mkato:

```
--disable-gpu
```

Hapa wengi hukosea: programu ikiwa bado imejificha kando ya saa, njia ya mkato huiamsha ileile iliyokwisha kuwaka, na amri haifanyi kazi. Niliizima kabisa kwanza, nikaifungua, na dirisha likatulia.

Ningeweza kuzima Hardware acceleration katika mipangilio ya programu na kuishia hapo, lakini mzigo wote wa kuchora ungehamia kwenye prosesa, na mama huyu huwaonyesha wateja wake dagaa kwa simu ya video. Tulipojaribu, feni ilivuma na picha ikakwamakwama. Nilipakua draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, nikaiondoa ile amri, nikaacha chipu ichore. Alipiga simu ya video ya dakika 20 palepale dukani kwangu, na dirisha halikuwa jeusi hata mara moja.