Salio la mwisho, salio la mwanzo na siku iliyopotea katikati

Kabla sijagusa muamala hata mmoja katika kusuluhisha hesabu za benki, huzipanga taarifa zote za akaunti kwa tarehe na kuangalia kama salio la mwisho la kila taarifa ndilo lililofungua taarifa inayofuata. Wengi huishia kulinganisha tarakimu hizo mbili, zikifanana wanasonga mbele. Kwa maoni yangu hilo ni nusu ya kazi, kwa sababu salio ni jumla ya yote yaliyotokea kabla yake, na jumla inaweza kufanana hata pale ambapo baadhi ya miamala haimo katika karatasi ulizonazo.

Tuchukue akaunti ambayo taarifa yake ya Aprili inafungwa na salio la 3,957,600, ilhali ya Mei inafunguliwa na 3,910,600. Tofauti ni 47,000. Mhasibu mwenye haraka hupekua daftari la benki akitafuta muamala wa 47,000, na asipouona huandika kiasi hicho kama makato ya benki ili hesabu zifunge. Mimi huanza na tarehe za kipindi zilizoandikwa juu ya taarifa. Hapa taarifa ya kwanza inaonyesha tarehe 1 hadi 29 Aprili, na ya pili inaanza tarehe 1 Mei, kwa hiyo tarehe 30 Aprili haimo popote. Ukiomba taarifa ya siku hiyo peke yake unakuta miamala mitatu: fedha zilizoingia 120,000, malipo yaliyotoka 165,000 na makato ya 2,000. Ukijumlisha kilichoingia na kuondoa vilivyotoka, akaunti imepungua kwa 47,000 kamili.

Tazama basi kilichokuwa kinafichwa na lile ingizo la haraka. Hakukuwa na muamala wowote wa 47,000. Kulikuwa na mapato ya 120,000 ambayo yangebaki bila kuandikwa, na mlipwaji wa 165,000 ambaye katika vitabu angeendelea kuonekana anadai. Makato halisi yalikuwa 2,000 tu. Tofauti ya masalio hukuonyesha kwamba kuna pengo na hukueleza athari yake kwa jumla, lakini haikwambii ukubwa wa yaliyomo ndani yake.

Pengo gumu zaidi ni lile lisiloacha tofauti yoyote. Ikiwa tarehe 30 malipo ya 165,000 yalitoka, kisha yakarudishwa siku hiyohiyo kwa sababu namba ya akaunti ya mlipwaji ilikosewa, salio la tarehe 29 litalingana na la tarehe 1 na masalio yatapokezana vizuri kabisa, ingawa katika daftari lako malipo hayo bado yanahesabika kuwa yamefanyika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba tarehe zipokezane kama masalio yanavyopokezana: siku inayofuata mwisho wa taarifa moja iwe ndiyo siku ya kwanza ya taarifa nyingine. Kama taarifa zina namba za mfululizo, nazo zifuatane. Wanaopokea taarifa za benki kwa faili za kielektroniki za MT940 wanaiona namba hiyo katika sehemu ya `:28C:`, salio la mwanzo katika `:60F:` na salio la mwisho katika `:62F:`, ila wakumbuke kwamba baadhi ya benki huanza kuhesabu upya kila mwaka.

Masalio ya mipakani pia hayasemi lolote kuhusu kilichomo katikati. Ukurasa wa tatu wa taarifa ukikosekana, salio la mwanzo na la mwisho bado yatashikana vyema na ya majirani zake. Hapo kinachosaidia ni kuchukua salio la mwanzo, kuongeza jumla ya vilivyoingia na kutoa jumla ya vilivyotoka kwa miamala unayoiona mwenyewe, si kwa jumla zilizochapishwa na benki. Jibu lisipolingana na salio la mwisho, fuata safu ya salio mstari kwa mstari hadi ufike pale ambapo salio linaruka bila muamala wa kulieleza.

Hatimaye, unapoomba taarifa ya kuziba pengo, angalia inapoanzia. Benki ikikupa ya tarehe 28 hadi 30 badala ya tarehe 30 pekee, ukaiingiza yote katika mfumo, miamala ya tarehe 28 na 29 itaandikwa mara mbili. Dalili yake ni kwamba salio la mwanzo la taarifa hiyo mpya halitakuwa 3,957,600, bali kiasi kilichokuwapo mwisho wa tarehe 27; na zikitokea siku mbili zisizo na mabadiliko ya salio, ni tarehe pekee zitakazokuonyesha kwamba vipindi vimepandana.