Kusafisha matokeo ya hojaji: desimali, thamani ya p na kinyota

Matokeo ya hojaji mara nyingi hufika yakiwa vipande. Mmoja ameyanakili kutoka SPSS, mwingine ameyachapa kutoka kwenye daftari lake, wa tatu ameyatuma kwa WhatsApp, na mwisho yote yanabandikwa kwenye faili moja la Word yakiwa mistari ya maneno na namba. Kuyasafisha ni kuyapanga ili kila swali liwe na mstari wake, kila kipimo kiwe na safu yake, namba za safu moja ziwe na desimali sawa, na tanbihi chini ya jedwali ieleze kipi ni tofauti ya kitakwimu na kipi sicho. Ukisoma maelezo hayo utadhani ni kazi ya kupamba tu. Ukiifanya, utagundua kwamba sehemu kubwa yake ni ukaguzi, kwa sababu huwezi kupanga namba ambayo hujui imetoka wapi.

Tuchukue mfano ambao nimeutunga kwa ajili ya somo hili. Watu 240 waliulizwa kuhusu huduma za fedha wanazotumia: wanawake 132 na wanaume 108. Mchambuzi anataka kujua kama jinsia hizi mbili zinatofautiana, na ametumia kipimo cha kai-mraba kwa kila swali. Anakubandikia hivi:

```
Mkopo wa simu - wanawake 71 (53.8%) wanaume 39 (36.11%) chi 7.476 sig .006
Kikundi cha akiba: W 84/132 = 64%  M 41  37.963, X2=15.69 p=.000
Akaunti ya benki  W 39.4  M 51,9   p 0.05 *
bima ya afya W 37 28.7% M 29 (26.9%) chi .072 p=.788
```

Ukitazama haraka unaona fujo za mwonekano: desimali mbili hapa, tatu pale, mkato badala ya nukta kwenye 51,9 (jambo la kawaida data ikitoka kwa wenzetu wa Kongo au Burundi, ambako kompyuta nyingi zimepangwa kwa Kifaransa). Hizo ni rahisi kurekebisha. Ila ndani ya mistari hii minne kuna makosa mawili ya maana, na hakuna hata moja linaloonekana kwa macho peke yake.

Anza na idadi ya watu. Asilimia ni namba iliyokwisha kupikwa, na idadi ndiyo mbichi, kwa hiyo kila asilimia irudishe kwenye watu iliotoka. Mstari wa benki hauna idadi kabisa, lakini unaweza kuipata. Kati ya wanawake 132, watu 52 ni asilimia 39.39, watu 51 ni 38.64, na watu 53 ni 40.15. Ni 52 tu inayotoa 39.4. Kwa wanaume, 56 kati ya 108 ni 51.85, nayo inatoa 51.9. Mstari huo sasa una idadi yake, hata kama mchambuzi hakuiandika, na ukimwuliza atakuthibitishia.

Fanya vivyo hivyo kwa bima. Wanawake 37 kati ya 132 ni asilimia 28.0, na 38 ni 28.8. Hakuna idadi ya watu kamili inayotoa 28.7 kutoka kwenye 132. Ukikuta hali hiyo, ama kuna kosa la kuchapa, ama kigawanyo si kile unachodhani. Ukirudi kwenye faili la data ya mfano wetu unakuta wanawake 3 na mwanamume 1 hawakujibu swali la bima, na 37 kati ya 129 ni 28.68. Sawa. Lakini sasa geukia wanaume: 26.9 ni 29 kati ya 108, pamoja na yule asiyejibu. Kwa hiyo wanawake wamegawanywa kwa waliojibu, na wanaume wamegawanywa kwa wote walioulizwa, halafu namba mbili hizo zimewekwa bega kwa bega kana kwamba zinalinganishika. Kosa hili huzaliwa kirahisi sana ndani ya SPSS, kwa sababu jedwali lake la Frequencies huonyesha safu ya `Percent` na safu ya `Valid Percent` zikiwa jirani, na jicho lililochoka huchukua moja leo na nyingine kesho. Sahihi kwa wanaume ni 29 kati ya 107, yaani 27.1.

Baada ya hapo ndipo uamue desimali, na uamuzi huo una sababu. Katika kundi la watu 108, mtu mmoja ni karibu asilimia 0.9, katika kundi la 132 ni karibu 0.8. Kuandika 36.11 ni kudai kwamba umepima mpaka sehemu ya mia ya asilimia, wakati hatua ndogo kabisa ambayo data yako inaweza kupiga ni karibu asilimia nzima. Desimali moja inatosha. Kundi likiwa la watu 30 au 40, mimi naondoa desimali kabisa na kuacha idadi iseme. Kai-mraba ipewe desimali mbili, thamani ya p ipewe tatu, na utaratibu huo ushike safu nzima kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana 37.963 inakuwa 38.0, si 38: ile sifuri inamwambia msomaji kwamba namba hii imekadiriwa kwa kipimo kilekile cha jirani zake. Excel huificha sifuri hiyo mpaka uiamuru ionyeshe desimali moja.

Kadiria mara moja tu, tena kutoka kwenye namba asilia. Namba 2.449 ikikadiriwa moja kwa moja kwa desimali moja ni 2.4. Mtu akiifanya kwanza 2.45, halafu mwingine akaipokea na kuifanya tena, inakuwa 2.5. Matokeo yaliyobandikwa yamepita mikononi mwa watu kadhaa, kwa hiyo hatari hii haiko mbali. Ile 64% ya kikundi cha akiba, kwa mfano, usiigeuze kuwa 64.0. Rudi kwenye 84 kati ya 132 upate 63.6.

Sasa thamani ya p. Hii ni namba inayojibu swali moja: kama kwa kweli wanawake na wanaume hawatofautiani, ni mara ngapi bahati tu ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi? Ikiwa ndogo, bahati tu inakuwa maelezo dhaifu. SPSS ikiandika `.000` chini ya `Sig.`, haina maana kwamba uwezekano ni sifuri. Maana yake ni kwamba namba ni ndogo kuliko 0.0005, na nafasi tatu za desimali hazitoshi kuionyesha. Kwenye jedwali andika <0.001. Kuhusu sifuri ya mbele, mtindo wa APA huiacha na kuandika .006, ilhali ripoti nyingi huandika 0.006. Chagua mmoja, usichanganye.

Kosa la pili lilijificha hapa, kwenye mstari wa benki: p 0.05 na kinyota, ile alama ya tofauti ya kitakwimu. Tuna idadi, kwa hiyo tunaweza kuhesabu upya. Katika R:

```
chisq.test(matrix(c(52, 56, 80, 52), 2), correct = FALSE)
```

Kai-mraba inatoka 3.72 na p inatoka 0.054. Mchambuzi aliikadiria ikawa 0.05, akaiona imegusa mpaka, akaipa kinyota. Haikustahili, kwa sababu kanuni aliyojiwekea ni chini ya 0.05, na 0.054 iko juu yake. Kinyota huamuliwa kwa namba kamili kabla haijakadiriwa. Kwenye Excel weka p kamili kwenye safu yake, tuseme safu ya E, na acha fomula iamue:

```
=IF(E2<0.001,"***",IF(E2<0.01,"**",IF(E2<0.05,"*","")))
```

Kinyota kikae kwenye safu yake pekee wakati wa kazi. Ukikichapa ndani ya kisanduku chenye namba, Excel itakichukulia kisanduku kizima kuwa maandishi, na hutaweza tena kukokotoa. Kiunganishe na namba mwishoni, unapohamishia kwenye Word.

Baada ya yote hayo jedwali linakuwa hivi:

| Huduma | Wanawake, idadi (%) | Wanaume, idadi (%) | Kai-mraba | p |
|---|---|---|---|---|
| Kikundi cha akiba | 84 (63.6) | 41 (38.0) | 15.69*** | <0.001 |
| Mkopo wa simu | 71 (53.8) | 39 (36.1) | 7.48** | 0.006 |
| Akaunti ya benki | 52 (39.4) | 56 (51.9) | 3.72 | 0.054 |
| Bima ya afya (a) | 37 (28.7) | 29 (27.1) | 0.07 | 0.788 |

Tanbihi: Wanawake 132, wanaume 108. (a) Waliojibu: wanawake 129, wanaume 107. Kipimo ni kai-mraba ya Pearson, digrii huru 1, bila marekebisho ya Yates. *p < 0.05; **p < 0.01; ***p < 0.001.

Maneno "bila marekebisho ya Yates" wengi huyaacha, nami nasisitiza yawepo. Kwenye jedwali la mbili kwa mbili, R hufanya marekebisho hayo yenyewe usipoikataza kwa `correct = FALSE`, wakati SPSS huchapa mistari yote miwili, `Pearson Chi-Square` na `Continuity Correction`. Ukiruhusu marekebisho, p ya benki inapanda kutoka 0.054 hadi 0.072. Watu wawili wanaweza kuchambua data moja, wote wakawa sahihi, na wakabishana siku nzima kwa kukosa maneno manne kwenye tanbihi.

Tanbihi ya namna hii ina mipaka yake. Mstari wa benki kukosa kinyota hakumaanishi kwamba wanawake na wanaume wako sawa. Wametofautiana kwa asilimia 12.5 katika sampuli hii, na kilichokosekana ni ushahidi wa kutosha kuiondoa bahati. Andika "tofauti haikufikia kiwango cha 0.05", usiandike "hakuna tofauti". Kai-mraba yenyewe nayo huyumba makundi yakiwa madogo. Idadi inayotarajiwa katika kisanduku chochote cha jedwali la mbili kwa mbili ikishuka chini ya 5, tumia kipimo cha Fisher na ukitaje kwenye tanbihi kwa herufi yake, kama tulivyofanya kwa bima. Katika mfano wetu, idadi ndogo kabisa inayotarajiwa ni karibu 30, ya wanaume wenye bima, kwa hiyo hapa hatuhitaji kipimo hicho.