Maltikasti: seva haijui nani anatazama

Dhana: seva ina orodha ya watazamaji na humpelekea kila mmoja nakala yake.

Hiyo ni yunikasti. Chukua ofisi yenye makao Mtwara na tawi Lindi, runinga 30 kule, picha ya megabiti 4 kwa sekunde. Nakala 30 ni megabiti 120, na laini ya kati yao ni ya 20. Haipiti.

Kwa maltikasti, seva inatoa nakala moja tu kwenda anwani ya kundi, tuseme 232.10.10.5, na haiulizi nani yupo. Runinga ya Lindi ndiyo inayoiambia ruta ya hapo hapo, kwa ujumbe wa IGMP, "nataka kundi hili kutoka seva ile". Ruta hiyo inaangalia seva iko upande gani, kisha inaomba kwa ruta ya jirani kwa PIM, lugha ya ruta kwa ruta. Jirani naye anaomba mbele, mpaka Mtwara. Njia hizi zinafanya mti, na mti huu, basi, unaota kutoka majani kwenda kwenye shina. Runinga ya pili Lindi ikiwashwa, ombi linaishia kwenye ruta ya Lindi, maana tawi la mti lipo tayari hapo. Masasi nao wakijiunga, na laini zikigawana Mnazi Mmoja kama barabara zinavyogawana, nakala moja inatoka Mtwara hadi pale, ndipo inakuwa mbili.

Dhana: ni brodikasti, yaani kutuma kwa kila kifaa, ila kwa jina zuri.

Inakuwa hivyo kama swichi haisikilizi IGMP: picha inamwagwa hata kwenye printa.

Dhana: picha ikionekana, kazi imekwisha.

Hapa nimewahi kuaibika. Ukumbi mmoja Mtwara, seva na runinga zote kwenye VLAN moja, yaani mtandao mmoja wa ndani, picha safi, nikaagana na watu. Sijafika getini simu ikaita: zimeganda. Nikazima na kuwasha runinga, picha ikarudi, na baada ya dakika nne na ushee ikapotea tena.

Muda huo usiobadilika ndio uliotoa siri. Uanachama una mwisho. Kwa kawaida ruta huuliza kila sekunde 125, "nani bado yumo?", na runinga hujibu. Swichi ikikosa majibu kwa sekunde 260, yaani 125 mara mbili na 10 za kungojea jibu, inafuta jina na kufunga mlango. Ukumbini hapakuwa na ruta ya maltikasti, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Runinga ilijitangaza ilipowashwa, basi. Swichi yenyewe ilipewa kazi ya kuuliza (amri hii ni ya Cisco):

```
ip igmp snooping querier
```

Ilitaka pia swichi iwe na anwani ya IP, la sivyo haiulizi.

Dhana: basi na mechi za mtandaoni zinakuja hivi.

Hapana. Mtandao wa dunia kwa jumla haupitishi maltikasti kati ya watoa huduma. Mkitazama watano Shangani, kila mmoja kwa simu yake, zinakuja nakala tano.