Grafu ya joto la friza: mstari unatoka wapi, na unadanganya lini

Watu wakija nyumbani wakaona ile skrini ukutani wanauliza hii ni ya nini, nikiwaambia ni historia ya joto la friza wanacheka. Mama mkubwa anauza sato na sangara hapa hapa nyumbani, anachukua soko la Mwaloni Kirumba anagandisha, na asubuhi ukifungua friza ukakuta samaki wagumu hujui kama usiku waliyeyuka wakaganda tena. Kipimajoto kinakwambia ya sasa hivi tu. Historia ndo inakwambia ya saa nane usiku ulipokuwa umelala.

Yenyewe ni kitu kidogo sana. Kihisi joto cha DS18B20 kimeingizwa ndani ya friza kwa waya, kila dakika 5 kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inakisoma na kuandika mstari mmoja kwenye databesi ya SQLite, ambayo ni faili moja tu. Mstari una vitu viwili, lini na ngapi:

```sql
CREATE TABLE joto (
  muda INTEGER NOT NULL,
  nyuzi REAL
);
```

Kwa siku ni mistari 288, kwa mwaka kama laki moja na kidogo, yaani MB chache, kwahiyo msihangaike na nafasi. Hapo kwenye `muda` naweka sekunde za Unix, ambazo ni za UTC, masaa matatu nyuma yetu, na dashibodi ndo inageuza wakati wa kuchora. Ukisahau kugeuza, umeme uliokata saa mbili usiku utauona kwenye grafu saa 17:00, na kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili unaweza kukaa nusu saa unajiuliza ulikata saa ngapi kweli.

Sasa grafu yenyewe haioni kitu, inachukua nukta mbili zinazofuatana inaziunga basi. Usiku wa kwanza kabisa umeme ulikata kwenye saa mbili na dakika kumi, Pi nayo ikazima maana ilikuwa ukutani soketi moja na friza, ukarudi saa nane na dakika arobaini. Asubuhi naangalia grafu ni vurugu tupu. Kwanza kuna mwiba umepanda hadi nyuzi 85, skeli yote ikavutwa juu, mstari wa friza ukawa umelala chini kama umekufa. Friza gani ina nyuzi 85 jamani! Ile ni namba DS18B20 inayoamka nayo ikipata umeme kabla haijapima, na utaijua kwa sababu ni 85 kamili na nukta inayofuata iko sawa. Ukisoma mapema unaibeba hiyo. Dawa yake, kipimo cha kwanza kitupe, pima tena.

La pili lilinichanganya zaidi, mstari ulikuwa unarudi nyuma. Pi 4 haina betri ya saa, ikiwaka inaendelea na saa ya mwisho iliyohifadhi mpaka ipate intaneti ijirekebishe, na ruta ilichelewa, kwahiyo vipimo vya saa nane usiku viliandikwa kama vya saa moja na kitu jioni, vikachanganyikana na vya kweli. Siku hizi skripti haiandiki kitu mpaka hii ijibu `yes`:

```bash
timedatectl show -p NTPSynchronized --value
```

La tatu ndo baya, kwa sababu halionekani kama kosa. Baada ya kusafisha hayo mawili nilibaki na mstari mzuri umenyooka kutoka hasi 18 kwenda hasi 7, masaa sita na nusu, na hakuna hata kipimo kimoja pale kati! Niliyokuwa nayo ni ncha mbili tu. Kwahiyo nukta mbili zikipishana zaidi ya dakika 15 naingiza `NULL` katikati, grafu inakatika, na lile pengo linakwambia hapa hatujui. Halafu Pi nikaihamishia kwenye powabenki ile inayochaji huku inatoa, ili friza ikizima yeye aendelee kuandika.

Wiki iliyofuata ukakata tena na sasa nikaona mkunjo wote, ulipanda haraka mwanzoni halafu pole pole. Ila kwenye ukurasa wa mwezi sikuuona kabisa! Nilikuwa nachora wastani wa siku, na wastani wa siku ile ulikuwa kama hasi 15, siku ya kawaida tu. Kwa friza wastani unaficha, chukua na cha juu:

```sql
SELECT (muda+10800)/86400 AS siku,
       avg(nyuzi), max(nyuzi)
FROM joto GROUP BY siku;
```

Hiyo 10800 ni yale masaa matatu, bila hiyo siku inaanza saa tisa usiku badala ya saa sita.

Mama mkubwa wastani hautaki hata kuusikia. Anapita na ndoo yake asubuhi anauliza, "mwanangu, usiku ilifika ngapi?"